Simu za IP zinakatika baada ya kuwasha QoS kwenye swichi za 2960, msaada wakuu (Arusha)

Mtandao_Njiro:
Wakuu habari za jioni. Mimi nashika mambo ya mtandao kwenye ofisi moja ya utalii hapa Arusha mjini, ghorofa mbili. Juu kuna Catalyst 2960 (niiite SW1), chini kuna nyingine (SW2) ambayo ndo imeshika ruta pamoja na diski ya kuhifadhia picha. Simu za mezani ziko kama ishirini hivi, nusu ni Cisco 7841, nusu ni Yealink zilizonunuliwa baadaye, na kila simu ina kompyuta imechomekwa nyuma yake. Sava ya simu haiko hapa, iko kwa mtoa huduma.

Shida ilianza hivi, jioni maguide wakirudi porini wanamwaga picha kwenye diski ya chini na wakati huo simu za ghorofa ya juu sauti inakatikakatika. Nikasoma soma nikaona natakiwa niwashe QoS ili swichi iipe sauti kipaumbele, nikaandika `mls qos` kwenye swichi zote mbili. Sasa imekuwa mbaya zaidi, maana zamani ilikuwa ni jioni tu na ghorofa ya juu tu, sasa hivi hata saa nne asubuhi mtu wa reservation akiongea na mteja wa nje, mteja anasema hakusikii vizuri. Cha ajabu sisi tunamsikia mteja safi kabisa, yeye ndo hatusikii. Ruta sijaigusa, kuna mafundi waliiwekea foleni ya sauti zamani na ilikuwa inafanya kazi. Nimekosea wapi?

fundi_wa_Sakina:
Mkuu hiyo ni ndogo sana. Ukiwasha `mls qos` poti zote zinaacha kuamini alama. Ingia kila poti ya simu weka `mls qos trust cos` umemaliza, mimi nimefanya hivyo ofisi kibao.

Shanty_Moshi:
Poleni. Hata mimi nina guest house hapa Moshi, wageni wakipiga simu za WhatsApp kwenye waifai inakatika hasa usiku. Nilihangaika sana mwisho nikaongeza kifurushi cha intaneti ikapungua. Mtoa mada ongeza kasi ya laini, haya mengine yanapoteza muda.

KabatiLaNyaya:
Shanty ya kwako ni tofauti dada, wewe laini ya nje ndo ilikuwa inajaa na huna swichi yenye foleni katikati. Kwa huyu tatizo la mwanzo liko ndani ya jengo lake, picha zinakwenda juu hadi chini hazigusi intaneti kabisa, hata akinunua laini kubwa kuliko ya mkoa mzima jioni simu za juu zitakatika vilevile.

Mtoa mada, fundi wa Sakina kakuambia nusu ya jambo na hiyo nusu ni kweli. 2960 ikiwa haijawashwa `mls qos` haigusi alama yoyote, simu ikiandika alama ya kipaumbele ya DSCP 46 kwenye pakiti ya sauti basi inafika ruta ikiwa 46, swichi inapitisha tu. Ukiandika `mls qos` bila neno lingine, kila poti inakuwa haiamini chochote, pakiti ikiingia DSCP inafutwa inawekwa 0. Kwa hiyo foleni ya sauti pale kwenye ruta inatafuta 46 haioni kitu, sauti inapanga mstari mmoja na imeili zenye viambatanisho. Ndo maana mteja hakusikii na wewe unamsikia: kinachosongamana ni njia ya kutoka kwenda nje, ya kuingia ina nafasi.

Kabla hujabadilisha kitu nipe ushahidi. Piga simu nje, wakati unaongea angalia ruta:

```
show policy-map interface
```

Na kwenye SW1 chagua poti moja ya Cisco na moja ya Yealink:

```
show mls qos interface gi0/7
```

Mtandao_Njiro:
Asante sana mkuu. Sasa wakati nasubiri nilishafuata ya fundi wa Sakina, niliongeza `mls qos trust cos` na kuna mstari mwingine niliukuta kwenye mfano nikauweka pia, `mls qos trust device cisco-phone`, kwenye poti zote za simu. Poti inayounganisha SW1 na SW2 na ile ya ruta nikaziweka `mls qos trust dscp`. Bado hali ni ileile. Ruta inasema hivi nikiwa kwenye simu:

```
Class-map: SAUTI (match-all)
  0 packets, 0 bytes
  Match: ip dscp ef (46)
```

Poti 7 ni Cisco inasema `trust state: trust cos`. Poti 15 ni Yealink inasema:

```
trust state: not trusted
trust mode: trust cos
trust enabled flag: dis
Trust device: cisco-phone
```

fundi_wa_Sakina:
Hapo sasa sielewi, Cisco imeshaamini na bado sifuri? Labda ruta ina shida, ingekuwa mimi ningeiwasha upya.

KabatiLaNyaya:
Usiizime ruta, iko sawa na inasema ukweli. Una matatizo mawili tofauti na yote yanaonekana hapo ulipobandika.

La kwanza ni za Cisco. Umesema `trust cos`, maana yake swichi inaangalia ile namba ya kipaumbele ya CoS iliyoko kwenye tegi ya VLAN, haisomi DSCP. Simu inatuma sauti ikiwa na CoS 5. Swichi inachukua 5 inaenda kwenye jedwali lake la kubadilisha CoS kuwa DSCP, na jedwali la kiwandani ni kuzidisha kwa 8 tu: 0, 8, 16, 24, 32, 40, 48, 56. Kwa hiyo 5 inakuwa 40, halafu swichi inaiandika 40 juu ya ile 46 ambayo simu ilikuwa imeshaiweka vizuri. Ndani ya swichi hutaona tofauti kwa sababu 40 na 46 zote zinaingia foleni ya kwanza, ila ruta yako inataka 46 na 46 peke yake. Sauti inafika pale na alama ambayo ruta haina habari nayo.

Hakikisha mwenyewe, kwenye SW1 angalia poti inayoshuka chini wakati mtu anaongea:

```
show mls qos interface gi0/24 statistics
```

Kwenye sehemu ya dscp outgoing mistari imepangwa tano tano. Mstari wa 40 - 44 namba ya kwanza ndo 40, mstari wa 45 - 49 namba ya pili ndo 46. Nategemea uone 40 inapanda na 46 imelala. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye kila swichi:

```
mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56
```

La pili ni Yealink. Ule mstari wa `cisco-phone` unaiambia poti isiamini mpaka isikie kwa CDP, lugha ya vifaa vya Cisco kujitambulisha, kwamba aliyechomekwa ni simu ya Cisco. Yealink siyo simu ya Cisco, basi poti inakaa inasubiri milele, trust mode inaonyesha ulichoandika lakini trust state ndo hali halisi. Hizo poti zinafuta alama mpaka kesho.

Mtandao_Njiro:
Duh mkuu nimeangalia ni kama ulivyosema, 40 inakimbia 46 ni sifuri tupu. Nimeweka hiyo map kwenye swichi zote mbili na SAUTI kwenye ruta imeanza kuhesabu palepale. Watu wa simu za Cisco wamepiga majuu wanasema safi.

Sasa Yealink nifanyeje, niondoe tu huo mstari wa cisco-phone nibakize trust cos?

fundi_wa_Sakina:
Ondoa tu mkuu, trust cos yenyewe inatosha. Mimi huwa hata sitofautishi, naweka `trust dscp` poti zote mpaka za kompyuta, simu zinapiga kazi.

Mlinzi_wa_Poti:
Samahani naingilia hapa kwa sababu hili la `trust dscp` poti zote linaniuma. Poti ya ukutani ndo mpaka wako. Ukiiamini DSCP yoyote inayoingia pale umempa kila mwenye kompyuta uwezo wa kujipangia foleni. Nilishakuta mahali programu ya kupakua mafaili inaandika 46 yenyewe kwenye pakiti zake, na foleni ya kipaumbele ya swichi hawa haina huruma, ikiwa na pakiti inatolewa kwanza mpaka iishe. Simu hazikuwa na tofauti na mafaili kwa sababu wote walikuwa wamevaa nguo moja. Na simu haikulindi hapo, yenyewe inaweza kushusha CoS ya kompyuta iliyo nyuma yake lakini DSCP iliyoko ndani ya pakiti ya kompyuta inapita kama ilivyo.

KabatiLaNyaya:
Hapo namuunga mkono kabisa Mlinzi. Na ndo sababu kwenye poti yenye simu na kompyuta pamoja napenda `trust cos` kuliko `trust dscp`. Sauti inatoka kwenye simu ikiwa na tegi ya VLAN ya sauti na CoS 5, kompyuta inatuma bila tegi, isiyo na tegi swichi inaihesabu ina CoS 0 ya poti, inatoka na DSCP 0 hata kama ndani iliandikwa 46. Kwa njia hiyo poti moja inatenganisha vitu viwili bila wewe kuandika orodha yoyote. Ukishatoka kwenye poti za watu, ile inayounganisha swichi na swichi, hapo unaamini dscp kwa sababu alama zimeshakaguliwa mlangoni.

Kwa Yealink unaweza kubakiza trust cos bila kile kipimo cha Cisco. Upungufu wake ni kwamba mtu akichomoa simu akachomeka laptopu inayojua kutuma tegi, poti itaiamini. Kwenye ofisi ya watu wachache unaowafahamu mimi ningeishia hapo.

Mlinzi_wa_Poti:
Mimi nisingeishia hapo. Poti za Yealink ningeziacha haziamini kabisa, halafu swichi yenyewe iandike alama kwa kuangalia anwani za VLAN ya sauti, na iweke kikomo. Mtoa mada kama VLAN yako ya sauti ni mfano 10.20.50.0 inakuwa hivi:

```
ip access-list extended SAUTI-SIMU
 permit udp 10.20.50.0 0.0.0.255 any
class-map match-all SAUTI-SIMU
 match access-group name SAUTI-SIMU
policy-map POTI-SIMU
 class SAUTI-SIMU
  set dscp ef
  police 1000000 8000 exceed-action drop
```

Kisha kwenye poti unatoa mistari yote ya trust unaweka `service-policy input POTI-SIMU`. Simu moja ya G.711 inatumia kama 80 kbps ukihesabu na vichwa vya IP, kwa hiyo 1 Mbps ni nafasi ya kutosha kabisa kwa simu, na mjanja akijipa anwani ya VLAN ya sauti ataishia kwenye hiyo 1 Mbps, hawezi kuua foleni ya wenzake.

KabatiLaNyaya:
Ni nzuri ila ujue hapo na mazungumzo ya SIP ya kuanzisha simu yanapewa 46 kama yanapita UDP, maana umekamata kila UDP ya simu. Mimi huwa nayaweka 24 kwenye foleni ya kawaida yenye uhakika, siyo ya kipaumbele.

Mlinzi_wa_Poti:
Ni vipakiti vichache sana mkuu, sioni vikimuumiza mtu. Ila sawa, anayetaka usafi aongeze class ya pili ya poti 5060 aitangulize.

Shanty_Moshi:
Kwa hiyo mimi mwenye Mikrotik hayo ya kuamini poti hayanihusu? Fundi wangu aliniwekea foleni lakini naona hata hazihesabu.

KabatiLaNyaya:
Angalia kama kwenye firewall ya Mikrotik kuna sheria ya fasttrack, dada. Pakiti zikishaingia fasttrack zinaruka foleni nyingi ulizoweka, ndo maana kaunta hazisogei. Mwambie fundi aizime ajaribu, prosesa itafanya kazi zaidi lakini foleni zitahesabu. Na WhatsApp ya wageni ni shughuli nyingine, hakuna simu ya mezani ya kuiamini pale, fungua uzi wako tukusaidie vizuri.

Mtandao_Njiro:
Wakuu nimerudi. Yealink nimefuata ya Mlinzi, ruta inahesabu zote sasa. Reservation wote leo asubuhi wamefanya kazi hakuna malalamiko.

Ila ya jioni bado. Picha zikianza kushuka, simu za juu kwenda chini zinakwaruza, siyo kama zamani ila zinakwaruza. Na wale wa picha wanasema sasa kunakili kumekuwa kuzito kuliko zamani.

fundi_wa_Sakina:
Hapo kwenye poti inayoshuka chini umeweka `priority-queue out`?

Mtandao_Njiro:
Sijaweka hiyo.

KabatiLaNyaya:
Safi fundi, hiyo ndo yenyewe. Mtoa mada, 2960 ina foleni nne za kutokea. Sauti yako inaingia ya kwanza, lakini bila huo mstari foleni ya kwanza siyo ya kipaumbele, ni foleni yenye zamu kama wengine, tena kiwandani imefungwa isizidi sehemu moja ya 25 ya kasi ya poti. Zamu ikichelewa sauti inasubiri nyuma ya picha, na sikio linasikia kukwaruza. Weka `priority-queue out` kwenye poti ya kuunganisha swichi, pande zote mbili, sauti itatolewa kwanza na kile kifungo cha 25 hakitaihusu tena.

Sasa nikuulize, 2960 yako ina poti za Gigabit, nyaya ya juu hadi chini inaonyesha kasi gani?

Mtandao_Njiro:
`a-100` mkuu. Nilijua ndo kawaida yake.

KabatiLaNyaya:
Siyo kawaida. Gigabit inataka jozi zote nne za waya, jozi moja ikiwa imekatika au imepondwa vibaya kwenye kichwa swichi zinakubaliana 100. Kompyuta zenu zinaingia swichini kwa 1000 halafu zote zinabanwa kwenye 100 kushuka chini, ndo chanzo cha msongamano wako tangu siku ya kwanza. Ponda upya vichwa vya hiyo nyaya au ivute nyingine.

Kuhusu picha kuwa nzito, ni kweli na imetokana na `mls qos`. Kabla yake baffa ya poti ilikuwa inatumiwa na pakiti zote. Ukiiwasha inagawanywa foleni nne, robo robo, na picha zote ziko foleni moja kwa hiyo zimebaki na robo. Mafurushi ya picha yakija kwa kishindo inajaa haraka, pakiti zinadondoka, kunakili kunajipunguza kasi. Utaona kwenye ile `statistics`, chini kabisa sehemu ya output queues dropped. Kuna wanaobadilisha mgawanyo kwa `mls qos queue-set output 1 buffers`, mimi ningetengeneza nyaya kwanza niangalie kama drop zinaendelea ndo niguse hiyo.

Mlinzi_wa_Poti:
Akirudisha 1000 mimi naona baffa haihitaji kuguswa kabisa.

KabatiLaNyaya:
Sina uhakika huo. Diski ya chini nayo iko kwenye poti ya 1000, na kompyuta tano za juu zikituma kwa pamoja poti ya kushuka bado itasongamana kwa vipande vidogo vidogo vya sekunde. Sauti itakuwa salama kwa sababu ya foleni yake, picha ndo sijui.

Mtandao_Njiro:
Nimeweka `priority-queue out`, leo jioni picha zimeshuka kama kawaida na simu za juu hazijakwaruza kabisa, nimesikiliza mwenyewe nikiwa chini. Nyaya fundi anakuja Jumamosi. Nitaweka hapa namba za drop kabla na baada.

Swali la mwisho, bosi anataka kununua swichi mpya za 9200 mwakani, hizi mistari nitazihamisha kama zilivyo?

fundi_wa_Sakina:
Kule hakuna `mls qos` kabisa, nimeigusa moja. Unachomeka simu zinafanya kazi.

KabatiLaNyaya:
Ni kweli `mls qos` haipo, na "zinafanya kazi" ni kwa sababu kule poti kiwandani inaamini alama zote zinazoingia. Yaani ni kinyume cha hii yako, hapa ulianza na mlango uliofungwa, kule unaanza na mlango uko wazi na kompyuta zinapita na 46 zao. Ukizipata, kitu cha kwanza kuandika kwenye poti za watu ni policy-map ya kuingilia inayokamata sauti na kuweka wengine wote 0. Ile ya Mlinzi ndo utakayoanzia, ila class-default kule lazima uiandikie `set dscp default`, haitafuta yenyewe.

Mlinzi_wa_Poti:
Na usisahau poti za printa na kamera, nazo ni poti za watu.